Siku ya 85

Likizo ya uzazi nchini Tanzania ni siku 84 zenye malipo, na aliyejifungua pacha anapata 100. Ndivyo ilivyoandikwa katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na wanawake wengi walioajiriwa wanaijua hesabu hiyo kwa kichwa. Wanachogundua baadaye, mara nyingi wakiwa tayari wamebeba mkoba wa kazini, ni kwamba siku ya 85 mtoto bado hajui chakula kingine isipokuwa titi.

Siku 84 ni wiki 12. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji, kwa miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi afikishe miaka miwili au zaidi. Miezi sita ni wiki 26. Kati ya likizo na ushauri huo kuna wiki 14 ambazo mama yuko kazini na mtoto yuko nyumbani, naye anategemea maziwa yake tu.

Wapo ambao pengo lao ni kubwa zaidi. Sheria inamruhusu mjamzito kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua. Akizichukua zote, na mtoto akaja kwa tarehe yake, siku 28 zimekwisha kabla hajamshika mikononi. Zinabaki 56, yaani wiki nane. Ndiyo maana katika ofisi nyingi utamwona mjamzito akipanda ngazi kwa kushika ukuta mpaka wiki ya mwisho, huku wenzake wakimwuliza kwa nini haendi kupumzika. Amepiga hesabu. Kila siku anayoibana leo ataitumia na mtoto.

Njia nyingine ya kupunguza pengo ni likizo ya mwaka. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kila mwaka, na akikubaliana na mwajiri wake mapema anaweza kuziunganisha na zile 84. Hapo anarudi mtoto akiwa na wiki 16. Bado wiki kumi.

Wiki hizo ndizo zinazohitaji mapumziko ya kunyonyesha, na hapa Watanzania wengi hushangaa kusikia kwamba haki hiyo ipo kwa maandishi tangu 2004. Kifungu kinachohusu likizo ya uzazi kinamtaka mwajiri amruhusu mfanyakazi anayenyonyesha kumlisha mtoto wakati wa saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Si hisani ya bosi mwenye moyo mzuri. Na kifungu hicho hakikutaja umri wa mtoto. Hakikusema miezi sita wala mwaka mmoja. Kinasema tu kwamba mfanyakazi awe ananyonyesha.

Lakini ukikisoma polepole unaona mahali kinapoyumba. Kwanza, saa mbili zimewekwa kama kikomo cha juu. Kiwango cha chini hakikutajwa, na mwajiri mgumu anaweza kutoa nusu saa akadai ametimiza wajibu. Pili, kinazungumzia kumlisha mtoto. Mtoto mwenyewe yuko Mbagala, mama yuko Posta, na katikati yao kuna Barabara ya Kilwa na foleni yake. Sheria ilimwona mama anayetoka ofisini, akatembea hatua chache, akanyonyesha, akarudi. Kukamua maziwa na kuyahifadhi hakukutajwa. Tatu, na hili ndilo zito, kifungu hakisemi lolote kuhusu mahali. Hakikutaja chumba, kiti, maji wala friji.

Ukosefu wa mahali ndio unaowapeleka wanawake chooni. Wengine hukamua ndani ya stoo kati ya maboksi ya karatasi, mgongo ukiwa umeegemezwa mlangoni ili mtu asiingie. Wengine hawakamui kabisa. Huvaa nguo nyeusi ili madoa yasionekane, huweka khanga iliyokunjwa ndani ya sidiria, na kufika jioni matiti yamekuwa magumu kama jiwe.

Kenya waliliona tatizo hilo na wakaliandikia sheria. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka kila mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, na inataja vitu vyenyewe: sehemu ya kunawa mikono, friji au kifaa kingine cha kupoza, soketi ya umeme kwa ajili ya pampu, meza ndogo, na viti vya kukalika. Inakataza waziwazi mahali hapo pasiwe chooni. Inakataza pia kutangaza au kuuza maziwa ya kopo ndani yake. Kisha inatoa mapumziko ya kunyonyesha au kukamua, mbali na ule muda wa kawaida wa kula, na dakika za kwenda na kurudi zinahesabiwa kuwa kazi yenye malipo, ilimradi jumla isizidi saa moja katika saa nane za kazi.

Muda wa Kenya ni nusu ya ule wa Tanzania. Lakini saa moja yenye chumba, friji na ruhusa ya kukamua ina manufaa kuliko saa mbili ambazo mama hana pa kuzitumia.

Hata hivyo sheria kuandikwa si sawa na chumba kuwapo. Tarehe 7 Agosti 2019 Zuleikha Hassan, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia ndani ya ukumbi wa Bunge la Taifa mjini Nairobi akiwa amembeba mwanawe mchanga. Alipata dharura nyumbani, na hakukuwa na mahali pa kumwacha mtoto bungeni hapo. Aliyekuwa amekalia kiti cha Spika alimwamuru atoke, kukawa na kelele, naye akatoka, na baadhi ya wabunge wanawake wakatoka pamoja naye. Picha zake zilisambaa dunia nzima. Sheria ya Afya ilikuwa na miaka miwili tangu ipitishwe na Bunge hilohilo. Na siku yenyewe ilikuwa ya mwisho ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, ambayo huadhimishwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti.

Kama mbunge anaweza kukosa chumba, karani wa duka la jumla Kariakoo afanye nini?

Jibu linaanzia mwilini. Titi halifanyi kazi kama tangi linalojazwa usiku na kumwagwa asubuhi. Linatengeneza maziwa muda wote, na kasi ya kutengeneza inategemea linavyotolewa. Mtoto anaponyonya, au mkono unapokamua, ubongo hutoa homoni mbili: prolaktini inayoamuru maziwa yatengenezwe, na oksitosini inayoyasukuma yashuke. Maziwa yakikaa ndani bila kutolewa, titi lenyewe hupokea ujumbe kwamba yanayotengenezwa yamezidi mahitaji, nalo hupunguza. Mama anayeshinda saa kumi bila kukamua hapotezi maziwa ya siku hiyo peke yake. Anaufundisha mwili wake kutengeneza kidogo. Baada ya wiki mbili au tatu huanza kusema maziwa yamekatika, na watu wa karibu humwambia ndivyo alivyoumbwa. Mara nyingi kilichokosekana ni nusu saa mbili au tatu za kila siku.

Oksitosini nayo haipendi hofu. Mama akiwa na wasiwasi kwamba mlango utafunguliwa, au akisikia meneja anamwita, maziwa huchelewa kushuka hata kama titi limejaa. Kufuli la mlango wa chumba cha kunyonyeshea lina kazi ya kitabibu kabisa.

Sasa chukua mama mmoja wa mfano. Anaishi Mbagala, anafanya kazi ya uhasibu katika ofisi iliyo Posta, mtoto wake ana wiki 13. Kazi inaanza saa 2 asubuhi na kwisha saa 11 jioni. Ili asichelewe, anatoka nyumbani saa 12 kasorobo asubuhi. Bila mapumziko ya kunyonyesha atarudi saa 1 usiku au karibu na hapo, yaani atakuwa mbali na mtoto kwa saa 13.

Mtoto anayenyonya tu, kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa sita, hutumia maziwa kiasi cha mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima, mchana na usiku. Kiasi hicho hakibadiliki sana kadiri anavyokua katika miezi hiyo, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ukigawa kwa saa 24 unapata kama mililita 30 kwa saa. Kwa hiyo mama huyu, akiwa mbali kwa saa 12 au 13, anatakiwa aache nyumbani mililita 360 hadi 390. Hiyo ni nusu lita pungufu kidogo, na si lazima itoke yote kwa mkao mmoja.

Anaweza kuzitumia saa zake mbili kwa namna tofauti. Namna ya kwanza, inayopendwa na waajiri kwa sababu haiwasumbui, ni kutoka saa 9 alasiri badala ya saa 11. Atafika nyumbani mapema na kuikwepa foleni ya jioni. Lakini kutoka alfajiri aliponyonyesha mpaka anafika nyumbani ni saa kumi na moja bila kutoa tone, na wiki tatu baadaye ndipo maziwa yanapoanza kupungua. Namna ya pili ni kugawa: nusu saa saa 3:30 asubuhi, nusu saa saa 6:30 mchana, nusu saa saa 9 alasiri, na nusu saa ya mwisho anaitumia kutoka saa 10:30. Muda wake wa chakula unabaki kama ulivyo. Jumla ni saa mbili kamili, na titi linatolewa kila baada ya saa tatu hivi, karibu na vile mtoto angenyonya.

Kwa mtoto wa miezi mitatu namna ya pili ndiyo inayofaa, na inafaa kuombwa kwa barua kabla ya likizo kwisha. Mazungumzo ya mlangoni siku ya kwanza ya kurudi hayatoshi. Barua haihitaji lugha ya mahakamani. Inatosha iseme tarehe ya kurudi, kwamba mfanyakazi ananyonyesha, kwamba anaomba mapumziko ya kunyonyesha kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, muda anaoupendekeza, na ombi la mahali penye faragha. Nakala moja aibaki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Msimamizi akibadilishwa miezi miwili baadaye, karatasi hiyo ndiyo itakayomwambia yule mpya kwa nini dada wa uhasibu haonekani mezani kwake saa 3:30.

Chumba chenyewe hakihitaji fedha nyingi. Ofisi yenye kona inayoweza kuingia kiti kimoja, meza ndogo na mlango unaofungwa kwa ndani imeshamaliza nusu ya kazi. Dirisha liwekwe pazia. Pawe na soketi, sinki au ndoo yenye bomba na sabuni, na friji ndogo ambayo haitumiki kwa samaki wala soda za wote. Mlangoni kuwe na kibao cha kuonyesha kwamba kuna mtu. Kinachoharibu vyumba vingi ni kile kinachotokea baada ya uzinduzi. Ufunguo unakaa kwa mlinzi ambaye mara yupo mara hayupo. Viti vilivyovunjika vinahamishiwa humo. Mtu anaanza kuswalia humo, mwingine anapumzika humo akiumwa kichwa, na mama anayehitaji kukamua anabisha hodi na kuomba radhi. Ukitaka kujua kama chumba kinafanya kazi, usiangalie rangi ya ukuta. Uliza nani ana ufunguo, na mara ya mwisho kimetumika lini.

Kukamua kwa mkono ni ujuzi, na muuguzi wa kliniki anaweza kumfundisha mama kwa dakika kumi. Mikono inaoshwa kwa sabuni kwanza. Kidole gumba kinawekwa juu ya titi na vidole vingine chini yake, kwenye ukingo wa ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, kama sentimita mbili au tatu nyuma ya chuchu yenyewe. Titi linasukumwa taratibu kuelekea kifuani, kisha vidole vinabanwa na kuachiwa, vinabanwa na kuachiwa. Havitelezi juu ya ngozi na havivuti chuchu; ukiumia, umekosea mahali. Dakika ya kwanza yanaweza kutoka matone tu. Yakishaanza kuchuruzika, mama anakaa titi moja dakika tatu hadi tano, anahamia la pili, anarudi la kwanza, akizungusha vidole ili kila upande utolewe. Zoezi zima linachukua dakika 20 hadi 30, na hapo ndipo unaelewa kwa nini ruhusa ya dakika kumi na tano haimsaidii mtu.

Pampu hurahisisha kwa anayeimudu, hasa ile inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja, lakini vipande vyake vinavyogusa maziwa lazima vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya kutumika. Kwa mkono, kinachohitajika ni chombo kisafi chenye mdomo mpana na kifuniko.

Kiasi kinachopatikana kinawashtua wengi. Mililita 60 hadi 120 kwa mkao mmoja ni kawaida. Anayetarajia kujaza chupa siku ya kwanza hulia, akaamini hana maziwa, kumbe yuko sawasawa na wenzake. Mama wetu wa Mbagala akipata 100 mara tatu amefikisha 300, na zile 60 au 90 zinazopungua anazipata kwa kukamua mara moja alfajiri, mtoto akishanyonya upande mmoja, au kutoka akiba.

Akiba inaanza kuwekwa wiki mbili au tatu kabla ya siku ya 85. Kila asubuhi, wakati matiti yamejaa kuliko nyakati nyingine, anakamua kidogo na kugandisha katika vifungu vya mililita 60 hadi 100, kila kimoja kikiandikwa tarehe. Akiba hiyo ni ya kuvuka wiki ya kwanza ya kazi. Baada ya hapo mzunguko unajiendesha: maziwa ya leo ndiyo chakula cha mtoto kesho.

Linalobaki ni joto, na kwa watu wa Pwani hili halina mzaha. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama hadi saa nne katika chumba chenye nyuzi joto 25 au chini ya hapo. Dar es Salaam mwezi Februari, saa saba mchana, chumba kisicho na kiyoyozi kinapita nyuzi 30 kwa urahisi. Hapo mama asizingoje hizo saa nne; maziwa yaingie kwenye baridi mara tu yanapokamuliwa. Ndani ya friji hukaa hadi siku nne, yakiwekwa nyuma kabisa ya rafu, maana mlango hufunguliwa kila mara na ubaridi wake hupanda na kushuka. Ofisi isiyo na friji bado ina njia: kibebeo cha kutunza ubaridi, chenye vipande vya barafu vilivyoganda vizuri, hutunza maziwa hadi saa 24. Kinatosha kuyavusha kutoka Posta hadi Mbagala hata basi likikwama Mtoni.

Kwenye friza yenye mlango wake maziwa hukaa vizuri hadi miezi sita. Lakini kile kisanduku cha barafu kilicho ndani ya friji ya mlango mmoja, ambacho ndicho kilichomo katika nyumba nyingi, kihesabiwe wiki mbili. Yakishayeyushwa yatumike ndani ya saa 24 yakiwa kwenye friji, na hayarudishwi kugandishwa. Umeme ukikatika, friza isifunguliwe. Maziwa yakiwa bado na barafu ndani yake umeme uliporudi yameokoka, yakiwa maji matupu ni ya kutumia siku ileile.

Nyumbani kuna bibi au dada wa kazi, na yeye ndiye nusu nyingine ya mpango huu. Yapo mambo matatu anayopaswa kuonyeshwa kwa macho, si kwa simu. La kwanza ni kupasha: kikombe cha maziwa kinasimamishwa ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Maziwa hayachemshwi jikoni. La pili ni kutikisa. Yakikaa, mafuta hupanda juu na chini hubaki maji ya rangi ya kibuluu, na mabibi wengi wameyamwaga wakidhani yamechacha. Yanachanganywa taratibu na kurudi kuwa maziwa. La tatu ni kikombe. Kwa mtoto anayeachwa kutwa kikombe kidogo kisafi ni salama kuliko chupa yenye chuchu, kwa sababu kinaosheka kila pembe na hakimzoeshi mtoto mnyonyo mwingine. Mtoto anakalishwa wima kiasi, ukingo wa kikombe unaguswa kwenye mdomo wa chini, naye analamba mwenyewe. Hamiminiwi. Wazee waliolea watoto kumi kwa kijiko watalielewa jambo hili upesi kuliko mama mwenyewe.

Na kwa kuwa dada wa kazi ametajwa: naye ni mwajiriwa. Baadhi yao wana watoto wachanga waliowaacha kwa mama zao mikoani. Nyumba inayodai saa mbili kutoka ofisini ina deni la kufikiria saa mbili za huyo anayeiwezesha.

Mpango ukienda kombo, dalili huonekana mapema kwa anayezijua. Mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo ukiwa mweupe, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki huendelea kupanda. Kulia jioni na kutaka kunyonya usiku kucha baada ya mama kurudi kazini si lazima kuwe njaa. Watoto wengi huhamishia manyonyo yao usiku, na jambo hilo husaidia maziwa yasipungue. Kwa mama, donge gumu linalouma sehemu moja ya titi lina maana kwamba eneo hilo halikutolewa vizuri. Likigeuka kuwa jekundu, la moto, na homa ikampanda, aende hospitali siku hiyohiyo bila kuacha kunyonyesha wala kukamua, kwa sababu kuyaacha maziwa yakae ndani huzidisha tatizo. Na kiasi kikianza kushuka, aanze kwa kuhesabu mikao ya wiki iliyopita. Mara nyingi atagundua kwamba ule wa saa 9 ulimezwa na vikao.

Mwajiri akikataa kabisa? Hatua ya kwanza ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale kazini, kama kipo, kisha ofisa kazi wa serikali katika eneo hilo. Mgogoro usipotulia unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maarufu kama CMA, na hapo muda ni wa kuangaliwa kwa makini: malalamiko ya kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, na mengine ndani ya siku 60. Anayefukuzwa kwa sababu zinazohusiana na ujauzito analindwa na sheria iliyo wazi. Anayenyimwa nusu saa ya kukamua ana kazi ngumu zaidi ya kueleza, na hapo ndipo ile nakala ya barua yenye muhuri inapokuwa shahidi wake.

Mtoto akifikisha miezi sita, uji na ndizi zilizopondwa huingia, na hesabu inalegea. Mama wa Mbagala anaweza kuacha mkao wa saa 3:30, akabaki na wa mchana na wa alasiri, kisha baada ya wiki kadhaa akabaki na mmoja. Apunguze mmoja mmoja, akiyapa matiti siku chache ya kuzoea, la sivyo yatavimba. Dakika anazookoa anaweza kuzihamishia jioni na kutoka saa 9:30, kabla magari hayajajazana Bendera Tatu, amkute mtoto bado hajalala.